Eneo la shamba kwenye ramani halikubali: tafuta kosa kwa kuuliza limezidi au limepungua mara ngapi

Mzee mmoja wa Mufindi alikuja kwangu Mafinga pamoja na kijana wake wa kidato cha tatu. Tulisalimiana, kamwene kwa kamwene, akakaa, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mwanangu, nimepunjwa nusu shamba," akasema. "Nimelipia ekari 14. Huyu amepima kwenye ramani, zimetoka 7."

Nilimwuliza kijana alivyopima, na alieleza vizuri kabisa. Ramani imeandikwa skeli 1:5,000. Aliiweka karatasi ya grafu juu ya ramani kwenye kioo cha dirisha, akanakili mipaka, akahesabu miraba ya sentimita moja kwa moja. Miraba mizima ilikuwa 4, iliyokatwa na mpaka 15, na kila iliyokatwa akaihesabu nusu. Jumla sentimita za mraba 11.5. Sentimita 1 ni mita 50, kwa hiyo sentimita 1 ya mraba ni mita za mraba 2,500. Akazidisha akapata mita za mraba 28,750, akagawanya kwa 4,047 ambazo ni ekari moja, ikatoka 7.1.

Hesabu haina doa, na jibu si sahihi. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu kwa kuanzia kwenye dalili. Eneo linapokataa kukubaliana na unachokijua, usikimbilie kurudia hesabu ileile. Kwanza gawanya jibu lako kwa lile ulilotarajia, uone limezidi au limepungua mara ngapi. Namba hiyo mara nyingi inakupeleka moja kwa moja kwenye kosa. Nitatumia shamba hilihili la mzee mpaka mwisho, na mwisho utaona lilikuwa na ukubwa gani.

Dalili ya kwanza: shamba limekuwa dogo kama ua wa nyumba

Ukipata kwamba shamba la miti lina robo ekari, umezidisha kwa skeli mara moja tu. Kwenye ramani halisi ya mzee, ambayo tutaifikia, shamba lina sentimita za mraba 22.5. Mtu akisema "sentimita 1 ni mita 50, basi 22.5 mara 50", anapata mita za mraba 1,125. Hapo panatosha nyumba, choo na bustani ya mboga. Jibu sahihi ni kubwa mara 50 kuliko hilo, na 50 ndiyo ile namba ya mita kwenye skeli. Ukiona jibu lako limepungua mara zilezile za skeli, kosa ni hilo, wala usitafute lingine.

Chora mraba wa sentimita moja kwa penseli uone kinachotokea. Upande wake wa chini ni mita 50 za ardhini. Upande wa kusimama nao ni mita 50. Sasa jaza ardhi hiyo kwa viraba vya mita moja moja: mstari wa kwanza unachukua 50, lakini mstari huo umefunika mita moja tu ya kina. Inabaki mistari mingine 49, kila mmoja na viraba vyake 50. Jumla ni 50 mara 50, yaani 2,500. Aliyezidisha mara moja amehesabu mstari wa kwanza akaacha shamba lote lililobaki.

Wanaopanda miti wanalijua jambo hili hata kama hawaliiti kwa jina. Kiwanja chenye miche 10 kila upande kina miche 100. Ukirefusha pande zote mara mbili, huhitaji miche 200, unahitaji 400, kwa sababu kila mstari umekuwa na miche 20 na mistari yenyewe imekuwa 20. Upana umekua mara mbili, na urefu nao umekua mara mbili, kila mmoja kwa wake.

Swali linaloulizwa hapa ni kwamba shamba si mraba; lina kona, mto umelikata, upande mmoja umepinda kama mundu. Haijalishi. Umbo lolote unaweza kulikata katika viraba vidogo vidogo, na kila kiraba kitakua mara 2,500 peke yake. Jumla yao nayo itakua mara 2,500. Ndiyo sababu kanuni hii haina habari na umbo.

Wanafunzi wanaotumia zile ramani za mandhari za 1:50,000 huangukia kosa hilihili kwa sura nyingine: jibu linatoka kubwa mara mbili kamili. Humo sentimita 2 ni kilomita 1, na mtu anaandika haraka kwamba sentimita 2 za mraba ni kilomita 1 ya mraba. Mraba wa kilomita moja kwenye ramani hiyo una sentimita 2 kwa 2, yaani sentimita za mraba 4. Ziwa Ngozi kule juu ya safu ya Uporoto lina karibu kilomita za mraba 3, kwa hiyo kwenye ramani hiyo lazima lichukue karibu sentimita za mraba 12. Mwenye kugawanya kwa 2 badala ya 4 atasema Ngozi lina kilomita za mraba 6.

Dalili ya pili: shamba limekuwa kubwa kuliko kijiji

Hapa mtu amekumbuka kupandisha skeli kwenye kipeo cha pili, lakini amesahau kufanya vivyo hivyo alipobadilisha sentimita kuwa mita. Anafanya 22.5 mara 5,000 mara 5,000, anapata sentimita za mraba 562,500,000, na hiyo ni sahihi. Kisha anagawanya kwa 100, kwa kuwa mita ina sentimita 100, anapata mita za mraba 5,625,000. Hizo ni ekari 1,390 kwa mzee aliyelipia 14.

Limezidi mara 100 barabara, na 100 ndiyo jina la kosa. Mita moja ya mraba ni sentimita 100 kwa sentimita 100, kwa hiyo unagawanya kwa 10,000, na inatoka 56,250. Mimi binafsi sipendi njia hii ya namba ndefu, hasa kwenye kikokotoo cha simu ambako sifuri moja inapotea bila mtu kuiona. Badilisha urefu kwanza ukiwa bado na namba ndogo: sentimita 1 ni mita 50. Halafu ndipo uingie kwenye mraba: 2,500. Halafu zidisha eneo la ramani. Sifuri zikiwa chache, makosa nayo yanapungua.

Makosa haya mawili hayaniumizi kichwa sana, kwa sababu yanajitangaza. Hakuna atakayenunua miche kwa ekari 1,390 bila kushtuka. Yanayoleta ugomvi ni yanayotoa jibu linaloaminika.

Dalili ya tatu: jibu ni nusu, na hesabu haina kosa

Hii ndiyo ya mzee. Ekari 7 ni shamba la kawaida kabisa, kwa hiyo hakuna kinachomshtua mtu. Nilichofanya ni kuitandaza karatasi mezani na kuangalia pembeni chini, kwenye skeli ya mstari, ile rula ndogo iliyochorwa na kuandikwa 0 hadi mita 500. Kwa 1:5,000 mita 500 lazima ziwe sentimita 10 za rula. Nikampa kijana rula apime mwenyewe. Akapima, akanyamaza, akapima tena. Sentimita 7.1.

Ramani ilichorwa kwenye karatasi ya A3. Mzee alitoa fotokopi dukani, na mashine ikaibana iingie kwenye A4. Maandishi "1:5,000" yalinakiliwa kama yalivyo, kwa kuwa maandishi hayajui kwamba yamepunguzwa. Mstari wenyewe ulipungua pamoja na shamba, ndiyo maana mstari unasema kweli na maandishi hayasemi. Kati ya hivyo viwili, amini mstari siku zote. Ni hivyohivyo kwa ramani iliyopigwa picha kwa simu au kufunguliwa kwenye kioo cha kompyuta: skeli ya namba imekufa pale ukubwa ulipobadilika.

Kijana alifurahi, akaona ameshapata dawa. Urefu umepungua kutoka 10 hadi 7.1, basi jibu lirekebishwe kwa 10 gawanya kwa 7.1, ambayo ni kama 1.41. Akazidisha 28,750, akapata karibu mita za mraba 40,500. "Ekari 10," akasema. "Bado wametuibia nne, baba."

Ningependa msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu nimeona hata watu wenye uzoefu wakiishia kwenye hatua hii. Jibu limesogea kuelekea linakotakiwa, sababu imeonekana, moyo umetulia. Lakini marekebisho yamefanyika upande mmoja tu wa shamba. Mashine ilibana upana, na ikabana urefu pia. Ukirudisha kimoja, kingine bado kimebanwa.

Tukafanya upya kutoka kwenye mstari, na hii ndiyo njia ninayomshauri kila mtu, kwa sababu haihitaji kukumbuka ramani ilipunguzwa kiasi gani:

Mita 500 gawanya kwa sentimita 7.1, sentimita 1 ya karatasi hii ni mita 70.4.

70.4 mara 70.4, sentimita 1 ya mraba ni mita za mraba 4,956.

4,956 mara 11.5, shamba ni karibu mita za mraba 57,000.

Gawanya kwa 4,047: ekari 14.1.

Mzee hakupunjwa. Tazama namba tatu zilizotoka kwenye karatasi moja: 7, 10, 14. Ya kwanza haikurekebisha kitu, ya pili imerekebisha upande mmoja, ya tatu pande zote mbili. Ukizidisha 7.1 kwa 1.41 mara moja, na tena kwa 1.41, unapita humohumo, kwa sababu 1.41 mara 1.41 ni karibu 2. Karatasi ya A4 ni nusu ya A3 kwa eneo, kwa hiyo kilichochorwa juu yake nacho kinakuwa nusu kwa eneo, ingawa urefu wake umebaki asilimia 71. Ukiona jibu lako ni nusu au mara mbili ya lile la jirani yako, kabla ya jingine lolote uliza kama mmoja wenu anapimia kopi.

Baadaye aliniletea ramani yenyewe ya A3. Mstari ulikuwa sentimita 10 kamili. Tulihesabu miraba mizima 13 na iliyokatwa 19, jumla 22.5, mara 2,500, mita za mraba 56,250, yaani ekari 13.9. Tofauti na ile 14.1 ya kopi inatokana na kuhesabu kipande kuwa nusu, na kwenye karatasi ndogo vipande ni vingi kuliko miraba mizima. Nilichukua 13.9, kwa sababu ramani kubwa ina vipande vichache kwa kulinganisha.

Dalili ya nne: tofauti ni kama sehemu moja ya sita hivi, na kila mtu anaapa

Huku kwetu ekari inapimwa kwa 70 kwa 70. Watu wengi wanasema "sabini kwa sabini" bila kutaja sabini za nini, na hapo ndipo pana tatizo. Ekari ni yadi za mraba 4,840, na 70 kwa 70 za yadi ni 4,900, karibu kabisa. Yadi 70 ni mita 64, ambazo mtu mzima anazitembea kwa hatua ndefu 70. Kwa hiyo wazee waliopima kwa hatua hawakuwa wanabahatisha.

Sasa mtu ananunua futikamba ya mita, anavuta mita 70 kwa 70, na kuiita ekari. Hiyo ni mita za mraba 4,900 badala ya 4,047. Upande umezidi kwa asilimia 10 tu, na jicho halioni asilimia 10 shambani. Eneo limezidi kwa asilimia 21, kwa sababu 1.10 mara 1.10 ni 1.21. Shamba la mzee likipimwa kwa "ekari" za mita 70, linatoka ekari 11.5 badala ya 13.9. Ardhi ileile, mipaka ileile, na watu wawili wakweli wanaweza kushtakiana kwa ajili yake.

Dawa yake ni kuacha ekari pembeni mpaka mwisho. Andikeni eneo kwa mita za mraba kwanza. Mkikubaliana kwenye 56,250, mnayebishana naye habishani tena kuhusu shamba, anabishana kuhusu maana ya neno ekari, na hilo linaisha kwa dakika mbili.

Dalili ya tano: kila ukipima unapata jibu jingine

Umepima leo ekari 14, jana ilikuwa 20, na skeli umeisoma sawasawa. Angalia shamba lina ukubwa gani kwenye karatasi. Shamba la mzee kwenye ramani ya 1:50,000 lingekuwa na sentimita za mraba 0.225 tu, kama milimita 6.4 kwa 3.5, dogo kuliko punje ya mahindi. Rula ikikosea milimita 1 kila upande, ambayo ni unene wa mstari wa kalamu ya wino na kutetemeka kwa mkono, unapata 7.4 kwa 4.5, na eneo limeongezeka kwa karibu nusu. Milimita hiyohiyo kwenye ramani ya 1:5,000, sentimita 6.5 kwa 3.6 badala ya 6.4 kwa 3.5, inaongeza chini ya asilimia 5.

Kosa la upande nalo linaingia mara mbili, kama skeli inavyoingia mara mbili. Ukikosea urefu asilimia 1 pande zote, eneo linakosea karibu asilimia 2. Kwa hiyo ramani ya 1:50,000 inafaa kwa ziwa, msitu au bonde la mpunga la Usangu. Kwa shamba la mtu mmoja tafuta ramani ya 1:5,000 au 1:2,500, na kama haipo, usikate shauri la pesa kwa rula.

Dalili ya sita: ramani ni sahihi, lakini miche imepungua

Mzee alirudi mara ya tatu, safari hii kwa ajili ya mipaina. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 kila mche unachukua mita za mraba 9, na 56,250 gawanya kwa 9 ni miche 6,250. Alishanunua idadi hiyo kwa shamba jingine lenye ukubwa uleule huko juu mlimani, ikaisha kabla ya mashimo.

Ramani inaonyesha ardhi kama inavyoonekana na ndege aliye juu kabisa, mlalo, si kama inavyotembewa na mtu. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, mita 100 za ramani ukizishuka kwa kamba ni mita 106 na kidogo. Mtu anayevuta kamba ya mita 3 juu ya udongo atachimba mashimo mengi kuliko ramani inavyosema.

Hapa kijana, aliyekwisha kuchomwa na ile ekari 10, aliwahi kusema tuzidishe 1.064 mara mbili. Nilimpongeza kwa kukumbuka, kisha nikamwambia hapa ni mara moja. Skeli inabana shamba pande zote mbili. Mteremko unarefusha upande mmoja tu, ule wa kushuka. Upande wa kukata mteremko, unaokwenda sambamba na kontua, unabaki mita zilezile za ramani. Kabla ya kupandisha kitu kwenye kipeo cha pili, jiulize kimegusa pande ngapi.

Shamba la mzee lina mteremko wa namna hiyo kwenye nusu ya chini, kuelekea kijito. Nusu ya juu ni tambarare. Miche 3,125 ya nusu ya chini mara 1.064 ni 3,325. Akaandika kwenye kidaftari chake 6,450, akamwuliza kijana kama amekubali, na kijana akahesabu tena pembeni kwa penseli kabla ya kujibu, "Nimekubali, baba."